Sekunde 30 za Mpishi Aliyezoea Kukaa Nyuma

Sekunde 30 za Kiswahili kinachosemwa kwa utulivu zinatosha maneno 45 mpaka 50. Hazitoshi zaidi ya hapo. Nilipoambiwa hivyo nilibisha, kwa sababu karatasi niliyokuwa nimeishika, ya kusoma kwenye video ya kuomba kazi, ilikuwa na maneno karibu mara mbili ya hayo, na mimi niliiona fupi. Aliyeniambia ni dada mmoja jirani yetu hapa Ukunda, mtangazaji wa redio, mtu ambaye riziki yake inapimwa kwa saa ya ukutani. Alinichukulia sentensi yangu ya kwanza tu akaihesabu silabi kwa vidole: "Ningependa kuchukua fursa hii kujitambulisha kwenu." Silabi 21. Mtu aliyetulia, akasema, hutamka silabi tano hivi kwa sekunde. Basi sekunde nne zimekwenda na aliyekuwa akinitazama hajajua kama mimi ni mpishi au ni mgombea udiwani.

Nimeambiwa nisimulie jinsi nilivyotoka kwenye shida, na watu wakisikia hivyo hutarajia nianze na shida yenyewe. Nitaisema, lakini kwa ufupi, maana wengi wa pwani ya kusini waliipitia na hawahitaji kuhadithiwa.

Nilikuwa jikoni katika hoteli moja ya Diani tangu 2008. Miaka kumi na miwili ya samaki wa kupaka, biriani, na mikate ya asubuhi ya wageni. Machi 2020 serikali ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje kuanzia tarehe 25, kafyu ikafuata siku mbili baadaye, na tarehe 8 Aprili Kwale ikafungwa pamoja na Mombasa na Kilifi, hakuna kutoka wala kuingia. Hoteli ilikuwa imeshatutuma nyumbani. Tulidhani ni likizo ya mwezi. Ndege za kimataifa zilirudi tarehe 1 Agosti, hoteli nayo ikafungua baadaye, lakini ilifungua na nusu ya watu, na mimi sikuwa katika nusu hiyo. Mwaka uliofuata mume wangu akaugua, akafariki. Nikabaki na watoto watatu, wawili wakiwa sekondari, na meza ya maandazi na viazi karai kando ya barabara. Maandazi hayana faida ya karo. Yana faida ya kula siku hiyo, ukiuza yote kabla ya saa nne.

Kazi yenyewe ilikuwepo. Kuna nyumba nyingi za kupanga Diani ambazo wageni wanakuja kwa wiki moja, familia kutoka Nairobi, wengine Wakenya wanaoishi nje wanaorudi Disemba, nao wanataka mpishi wa kuja nyumbani. Wakala mmoja anaunganisha wapishi na nyumba hizo, na kila mpishi anakuwa na ukurasa wake: jina, picha, vyakula, na video ya sekunde 30. Ukurasa usio na video unakaa chini kabisa, hakuna anayeufikia. Binti yangu alinijazia kila kitu jioni moja. Tulipofika kwenye video akageuza simu kunielekea, akabonyeza, na mimi nikawa gogo.

Ieleweke kuwa mimi si bubu. Sokoni nabishana bei. Nyumbani wanajua sauti yangu. Ila maisha yangu yote ya kazi yalikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Wageni walipokula wakafurahi, mpishi mkuu alikuwa akituita tutoke tupigiwe makofi, na mimi ndiyo saa niliyokuwa nakumbuka kuna kitu chumba cha baridi. Wageni walikijua chakula changu miaka kumi na miwili, mimi hawakunijua. Kwenye chama chetu cha akina mama nalipa, naitikia, naondoka. Kwa hivyo ile simu iliponitazama, mate yalikauka, kifua kikapanda, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kama si yangu. Nilisoma ile karatasi mbiombio mpaka katikati, nikapotea mstari, nikasimama. Tulirudia mpaka binti akasema mama tulale.

Karatasi ile ya kwanza aliniandikia kijana mmoja wa duka la kompyuta. Ilianza na fursa hiyo ya kujitambulisha, ikaendelea kwamba nina tajriba pana katika sekta ya hoteli, kwamba mimi ni mtu mwenye bidii, mwaminifu na mchangamfu, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo, na nina uwezo wa kuandaa vyakula vya aina mbalimbali. Ni maneno mazuri ya barua ya kuomba kazi. Lakini dada yule mtangazaji aliniuliza swali ambalo lilinifungua macho: "Kati ya haya, ni lipi ambalo mpishi mwingine hawezi kulisema?" Hakuna. Hata mvivu husema ana bidii.

Kisha akaniambia jambo la pili, ambalo nimeliona kuwa kweli kila nikimsikia mtu mwoga akizungumza. Mtu mwenye hofu haangushwi na maneno magumu peke yake, huangushwa zaidi na maneno ambayo hajawahi kuyasema kinywani mwake. "Tajriba" mimi nimeisikia kwenye taarifa ya habari. Sijawahi kumwambia muuza samaki kwamba nina tajriba. Hofu ikiingia, ulimi unarudi kwenye njia unazozijua, na ukikuta umewekewa njia mpya unasita hapo hapo. Ndipo watu wanaposema "nimesahau." Akachukua kalamu, akafuta kila neno nililokiri kwamba silitumii sokoni Ukunda. Karatasi nzima ilibaki na jina langu, "hoteli", na "vyakula".

Hatukuandika upya siku hiyo. Alinitaka niendelee kuchambua mchele wangu, naye akawa ananiuliza maswali kama mtu anayepiga soga. Unanunua nazi iliyokunwa? Mgeni akisema hali pilipili unafanyaje? Ukimaliza kupika nyumba ya watu nani anaosha? Kila nilipojibu alikuwa akiandika jibu langu kama lilivyotoka, bila kulipamba. La nazi nililijibu kwa hasira kidogo, kwa sababu nazi ya kukunwa dukani hujui imekaa tangu lini, na tui lake huwa lishaanza uchachu. Nikamwambia, nazi yangu naikuna mwenyewe, asubuhi hiyo hiyo. Akacheka, akaipigia mstari. Hiyo ndiyo ikawa sentensi ya kwanza ya video.

Sababu aliyonipa ni hii. Sekunde tano za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote kwa mwoga. Moyo uko juu, pumzi haijakaa, na watu wengi hapo ndipo wanapoweka jina, cheo na shukrani, yaani vitu vya kukariri. Yeye anaweka pale kitu ambacho mzungumzaji anaweza kukisema akiwa usingizini, tena kitu anachokiamini kiasi cha kukasirika. Jina linaweza kungoja. Jina limeshaandikwa pale ukurasani, kwa herufi kubwa, chini ya video yenyewe.

Tulivutana mahali pawili. Kwanza alitaka tuondoe salamu, kwa kuwa inakula karibu sekunde moja. Nikakataa. Pwani huingii nyumba ya mtu bila kubisha hodi, na hawa ninaowaomba kazi ni watu wa kuniingiza jikoni mwao. "Hamjambo" ikabaki, na hata leo naona nilikuwa na haki. Pili, mimi nilitaka niseme kwamba ni mjane na ninasomesha. Nilikuwa naona ni ukweli, na ukweli hauna aibu. Yeye alinyamaza kwanza, kisha akasema: mtu anayekodi mpishi anatafuta chakula cha wageni wake, ukimpa msiba wako ndani ya sekunde 30 atafanya moja kati ya mawili, atapita, au atakuita kwa kukuhurumia. Na anayekuita kwa huruma, mimi mwenyewe nikamalizia, ndiye anayelipa kidogo na kutaka umshukuru. Nilishayaona hayo kwenye vibarua vya kufua. Tukaliacha.

Namba ya simu pia haikuingia. Wakala haruhusu, na hata angeruhusu, namba ya mwanamke anayeishi na watoto wake tu haifai kutamkwa kwenye video ambayo mtu yeyote anaweza kuihifadhi. Bei haikuingia kwa sababu bei ya samaki ya Aprili bahari ikichafuka si bei ya Januari, na video inakaa pale pale mwaka mzima.

Haya ndiyo maneno yaliyobaki. Mkwaju ni mahali pa kuvuta pumzi.

Hamjambo. / Nazi yangu naikuna mwenyewe, asubuhi hiyo hiyo. / Naitwa (jina langu). / Nimepika hotelini Diani miaka kumi na miwili: samaki wa kupaka, biriani, na mikate ya wageni. / Sasa napika majumbani, Diani na Ukunda. / Nikija, naanzia sokoni, napika, na jiko naliacha safi. / Niambieni mko wangapi, na msichokula. / Mengine niachieni.

Ni maneno 47 ukihesabu majina yangu mawili, na silabi 134. Kwa mwendo wa silabi tano kwa sekunde hiyo ni sekunde 27, na mapumziko yanajaza zilizobaki. Watu wanaotoa mifano kutoka kwenye video za Kiingereza husema maneno 75. Ukijaribu maneno 75 ya Kiswahili katika sekunde 30 utasikika kama kondakta anayeita abiria, kwa sababu neno letu moja limebeba mtendaji, wakati na mtendewa kwa pamoja, na lote linataka kutamkwa. Ndiyo maana yeye hahesabu maneno, anahesabu silabi.

Na hapo pana kipimo ambacho kinamfaa mtu mwoga kuliko ushauri wa "tulia". Hofu inakimbiza. Mimi maneno hayo hayo mara ya kwanza niliyasema yakaisha kwenye sekunde ya 19 au 20. Nilikuwa najiona naenda polepole kabisa. Saa ya simu ndiyo inayosema kweli, masikio yako wakati huo hayasemi. Ikiisha kabla ya sekunde 24 ulikuwa unakimbia, hata kama kila neno lilikuwa sahihi. Na njia ya kupunguza si kuvuta maneno, maana ukiyavuta unasikika kama mtoto anayesoma ubao. Unasimama tu kwenye mkwaju. Unafunga mdomo. Nusu ya sekunde ya mdomo uliofungwa inatosha pumzi kuingia puani, na kwa anayekutazama unaonekana mtu anayejua anachosema.

Angalia pia urefu wa kila kipande. Kirefu kuliko vyote ni kile cha hoteli, chenye silabi 39, nacho kinazidi pumzi ya mtu aliyeogopa, kwa hivyo pale kwenye nukta mbili nilikuwa nadokoa pumzi ndogo kabla ya kutaja samaki. Sentensi ikikuishia hewani, kiishio chake kinazama. Sikiliza rekodi za watu waoga, utasikia neno la mwisho la kila sentensi limemezwa.

Kukariri kulikuwa na mtindo wake. Nilitaka kuanza juu nishuke chini kama dua za chuoni. Yeye akaanza na mwisho. Siku ya kwanza nilijifunza "Mengine niachieni" na hiyo ya mko wangapi. Halafu nikaongeza ya sokoni mbele yake, nikasema mpaka mwisho. Halafu ya majumbani. Unajua faida yake? Ukijifunza kutoka juu, mwanzo unakuwa umeusema mara nyingi mno na mwisho mara chache, basi kadiri unavyoendelea ndivyo unavyoingia kwenye giza, na hofu inapanda. Ukijifunza kinyume, kila hatua unayopiga unaelekea kwenye kitu unachokijua zaidi. Nilikuwa nafanya mazoezi nikiosha vyombo, nikikanda unga, nikitembea. Kioo alinikataza. Mbele ya kioo unaanza kujirekebisha leso badala ya kusema.

Siku ya kurekodi tulichagua saa tatu asubuhi, jikoni kwangu, na yeye akakuta mambo ya kubadilisha ambayo hayana uhusiano na maneno lakini yana uhusiano na hofu. Simu ilikuwa mkononi mwa binti, mkono unachezacheza. Akaiegemeza kwenye sufuria iliyofunikwa juu ya rafu, ikalingana na macho yangu. Ikiwa chini inakutazama kidevuni na wewe unainamisha kichwa, na ukiinamisha kichwa koo linabana. Akanigeuza niangalie dirisha, mwanga unipige usoni. Mwanzo dirisha lilikuwa nyuma yangu na nilikuwa kivuli chenye sauti. Feni ikazimwa. Kuku wakatupiwa punje nyuma ya nyumba.

Kisha akaigeuza simu ili itumie kamera ya nyuma, nisijione. Hilo peke yake lilinipunguzia nusu ya mtetemeko. Ukijiona kwenye skrini unazungumza na uso wako, unaukagua, na macho yako hayaendi kwa anayekutazama, yanakwenda chini kidogo ya kamera. Mtu anayetazama anahisi humwangalii ingawa hajui kwa nini. Kamera ya nyuma haina uso wako. Ina kitundu tu. Hasara yake ni kwamba huoni kama umetoka kwenye picha, kwa hivyo lazima mtu awepo wa kutazama, au uweke alama ya chaki sakafuni pa kusimama.

Karatasi aliiruhusu, lakini si ile yenye maneno yote. Mtu akisoma, macho yanatembea kushoto kulia, na kwenye video ya karibu yanaonekana waziwazi. Kwenye kadi ya sanduku la sabuni aliandika maneno manne kwa kalamu nene, NAZI, HOTELI, SOKO, WANGAPI, akaibandika juu tu ya kitundu cha kamera. Nikikwama, jicho linaruka juu kidogo na kurudi. Simu ilikuwa hatua moja na nusu kutoka kwangu. Ingekaa mbali zaidi macho yangejificha vizuri zaidi, ila sauti ingeanza kuingia mwangwi wa mabati. Kila jambo lina bei yake.

Mikono ndiyo iliyonisumbua. Jikoni mikono yangu haijawahi kukaa bure. Ikining'inia inaanza kufinya leso, na mabega yanapanda. Nikaomba nikae kwenye mbuzi nikikuna nazi wakati nasema, nikaona itapendeza. Hapana, akasema, mbuzi ina kelele na utainama. Akanipa nusu ya nazi niishike kwa mikono miwili, chini ya kifua. Nazi iliyopasuliwa ina uzito wake, maji yake yanakutia ubaridi viganjani, na mikono ikishakuwa na kazi ya kubeba mabega yanashuka yenyewe. Nilipotamka neno nazi sikuhitaji kuonyesha chochote. Ilikuwa pale.

Kuhusu pumzi nilikuwa nimeambiwa na kila mtu, vuta pumzi ndefu kabla ya kuanza. Nilikuwa navuta, kifua kinajaa, naishikilia, na neno la kwanza linatoka kama kifuniko cha soda. Yeye alinifanyisha kinyume: toa pumzi yote kwanza, kama unayepoza chai, ngoja, mwili utavuta wenyewe kiasi unachohitaji, na hapo ndipo useme. Unajuaje kama umekosea? Sikiliza "Hamjambo" yako. Ikiwa iko juu na ina nguvu kuliko sentensi zinazofuata, ulianza na kifua kilichojaa.

Jambo la mwisho ndilo lililofanya kazi, na hayo mengine yote nayaona kama maandalizi yake. Alibonyeza rekodi, akanyamaza sekunde kadhaa, akakaa nyuma ya simu kabisa, kichwa chake kikiwa juu ya kamera, akaniuliza kwa sauti ya kawaida: "Mama, nazi unanunua iliyokunwa dukani, eti?" Nikamtazama. Nikasema hamjambo, nikajibu. Sauti ya kujibu si sauti ya kusoma. Ukisoma, kila sentensi inapanda na kushuka mahali pale pale. Ukijibu, inakwenda inakotaka. Nilifika "Mengine niachieni" nikiwa hata sijakumbuka kwamba karatasi ipo. Kisha nikabaki nimesimama na nazi yangu mpaka aliponiashiria, kwa sababu tulikubaliana nisikimbilie kuzima. Mtu anayemaliza kusema na papo hapo kuruka kuzima simu anafuta utulivu wake wote. Mwanzo wenye swali na mwisho wa ziada ulikatwa kwenye simu hiyo hiyo, ikabaki sekunde 29.

Tulirekodi nyingine kadhaa kwa tamaa ya kupata iliyo bora. Hatukuipata. Baada ya marudio machache maneno yanakuwa laini mno, yanateleza, na uso unachoka hata kama ulimi umezoea. Ile tuliyoiweka ina mahali ninapojikwaa kidogo kwenye "naanzia". Mtangazaji alitaka kuitupa, binti akakataa, akasema hapo ndipo mama anapoonekana mama. Ikabaki.

Nisidanganye kwamba simu ilianza kulia jioni ile. Ukurasa ulikaa wiki kadhaa bila mtu. Video haimwonjeshi mtu chakula. Inachofanya ni kumwondolea mashaka aliyekwisha kutaka mpishi. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Nairobi aliyekuja na wazazi wake wazee, na ujumbe wake ulianza moja kwa moja: tuko saba, baba hali chumvi. Alikuwa amejibu swali langu la mwisho kabla hata ya kuuliza bei. Nikapika siku nne. Akaacha maoni mazuri kwenye ukurasa, na maoni hayo, nadhani, yameniletea kazi nyingi kuliko video. Ila bila video nisingepata kazi ya kwanza, na bila kazi hiyo maoni yasingekuwepo. Karo ya mkubwa ilimalizika kulipwa mwaka uliofuata, meza ya maandazi nimemwachia mdogo wangu, na miezi ya mvua, Mei na Juni, bado ni migumu kama zamani.

Wenzangu wa chama walipoiona, mmoja fundi cherehani alikuja na simu yake akitaka nimpe maneno yangu abadilishe tu nazi iwe kitambaa. Nikamwambia hayatamkaa. Nikamketisha, nikamwachia ashone, nikaanza kumuuliza. Mteja akinenepa baada ya kushonewa unamwambia nini? Akajibu bila kuinua kichwa: "Namwambia alete. Kila nguo yangu naiachia vidole viwili ndani ya mshono." Nikamwambia shika hapo hapo, hiyo ndiyo ya kwanza. Tukahesabu silabi zote mpaka mwisho, zikatoka 140 na kitu, tukafuta sentensi ya sare za shule ambayo kila fundi wa Ukunda anayo. Jana alirekodi. Imeisha sekunde ya 21. Nimemwambia kesho arudi, na asije na kioo.